Mkono wa kushoto unaachia kishikio cha mbele nikilenga chini haraka: IK yangu inakosea wapi?

#1 MtuWaKadutu
Salamu wote. Niko Bukavu, natengeneza mchezo mdogo kwa Unreal Engine 5. Mhusika ni daktari wa wanyama anayepanda msitu wa Kahuzi-Biega kutoa mitego ya waya kwenye miguu ya sokwe. Silaha yake ni bunduki ya sindano ya usingizi, ndefu, ya kushika kwa mikono miwili.

Bunduki nimeifunga kwenye `hand_r`. Kwenye kishikio cha mbele nimeweka soketi inayoitwa `MkonoKushoto`. Ndani ya Event Graph ya Animation Blueprint nasoma mahali pa soketi hiyo ulimwenguni, kisha naipeleka kwenye FABRIK, nodi ya IK inayokunja mkono, ili `hand_l` ifike pale.

Akisimama akalenga mbele, mkono unakaa vizuri kabisa. Lakini kuna mambo mawili. Nikishusha mausi haraka, mkono wa kushoto unachelewa, unaonekana unashika hewa, halafu nikitulia unarudi. La pili: nikilenga chini kabisa kwenye korongo, hata nikitulia, vidole haviigusi bunduki. Mwenzangu aliye na mashini kubwa anasema kwake la kwanza halionekani. Nani ameshapita hapa?

#2 Katuba_Gamer
Punguza sensitiviti, ndugu. Mimi kwenye simu nilikuwa na shida hiyo hiyo, nikilenga chini inaruka. Nilipoweka sensitiviti ya kulenga 40 ikatulia. Na uwashe jiroskopu.

#3 MtuWaKadutu
@Katuba_Gamer asante, ila siulizi jinsi mchezaji anavyolenga. Nauliza mkono wa mhusika, ule unaoonekana kwenye skrini, namna ya kuubakiza juu ya bunduki.

#4 Birere_Dev
Tatizo ni fremu moja ya kuchelewa. Event Graph inakimbia kabla pozi ya fremu hii haijahesabiwa. Kwa hiyo ukisoma soketi, unasoma mahali bunduki ilipokuwa fremu iliyopita. Mkono unafukuza kivuli.

Piga hesabu: mhusika wa kawaida anakimbia sentimita 600 kwa sekunde. Kwa fremu 60, kila fremu anasogea sentimita 10. Basi mkono utabaki nyuma sentimita 10 kila akikimbia.

#5 MtuWaKadutu
@Birere_Dev nimejaribu sasa hivi. Nikikimbia tambarare bila kugusa mausi, mkono unatetemeka kidogo tu. Sentimita 10 sizioni kabisa. Pengo linakuja nikibadilisha pembe ya kulenga.

#6 Yaya_Kasapa
Habari za Bukavu. Mimi niko Lubumbashi, kazi ya uhuishaji nimeifanya muda mrefu. Birere_Dev ameshika nusu kubwa ya ukweli, ila hesabu ya kukimbia haifai hapa.

Mhusika anapohamishwa, kila kilichofungwa kwake kinahamishwa pamoja naye papo hapo. Bunduki imo. Na kwenye `Character` ya Unreal, mifupa husubiri kwanza hesabu ya mwendo imalizike. Kwa hiyo unaposoma soketi ndani ya Event Graph, unapata mwili wa fremu hii ukiwa na pozi ya fremu iliyopita. Kukimbia kwenyewe hakuleti pengo. Pengo linaletwa na kile kinachobadilika ndani ya pozi: uti wa mgongo unaoinama kufuata mausi, mabega yanayocheza, bunduki inayopiga teke. Huo mtetemo mdogo unaouona ukikimbia ni mabega.

Chukua kesi yako. Unashusha mausi kwa kasi ya digrii 180 kwa sekunde, jambo ambalo mchezaji yeyote analifanya. Kwa fremu 60, kila fremu uti unageuka digrii 3. Kutoka pale uti unapoinamia mpaka kishikio cha mbele tuseme ni sentimita 60. Digrii 3 kwenye sentimita 60 ni kama sentimita 3.1 za pengo. Ukiwa na fremu 25 tu, zinakuwa digrii 7.2 na pengo linafika sentimita 7.5, yaani upana wa kiganja. Ndiyo maana mwenzako mwenye mashini kubwa haoni kitu.

Thibitisha kwa kuandika kwenye konsoli `t.MaxFPS 20`. Pengo likikua, ni ucheleweshaji. Pengo ambalo halibadiliki na idadi ya fremu lina sababu nyingine, na kwako naona yapo yote mawili.

#7 MtuWaKadutu
Yaya, umegusa penyewe. Huku mtaani umeme ukikatika mashini inabaki kwenye betri na inapunguza nguvu yenyewe. Ndiyo maana usiku mkono unachelewa zaidi kuliko mchana! Nilikuwa nadhani faili imeharibika. Nimeweka 20 sasa hivi, na pengo la kwanza limekuwa kubwa sana. Lile la pili, la kulenga chini kabisa, halijabadilika hata kidogo.

#8 Yaya_Kasapa
Vizuri. Tuanze na la kwanza.

Usimpe FABRIK mahali pa soketi ulimwenguni. Mpe mahali pa soketi *ukilinganisha na `hand_r`*. Bunduki imefungwa kwenye mkono wa kulia na haipindi, kwa hiyo umbali na pembe kati ya mkono wa kulia na kishikio cha mbele ni vile vile fremu iliyopita, fremu hii na fremu ijayo. Soketi ni ya zamani, mkono wa kulia unaopimia ni wa zamani pia, na uzamani unajifuta wenyewe:

```cpp
FTransform S = Bunduki->GetSocketTransform(
    TEXT("MkonoKushoto"), RTS_World);
FVector P; FRotator R;
Mesh->TransformToBoneSpace(TEXT("hand_r"),
    S.GetLocation(), S.Rotator(), P, R);
```

Kwa Blueprint kuna nodi yenye jina hilo hilo. Kisha kwenye FABRIK weka Effector Transform Space iwe Bone Space, na Effector Target iwe `hand_r`. Tip Bone `hand_l`, Root Bone `upperarm_l`. Sasa FABRIK itachukua kipimo chako na kukibandika kwenye mkono wa kulia wa fremu hii.

Sharti ni moja: FABRIK ikae *baada* ya kila kitu kinachosogeza mkono wa kulia. Aim Offset kwanza, kuinamisha uti kwanza, teke la bunduki kwanza, halafu mkono wa kushoto mwishoni. Ukiweka FABRIK kabla ya Aim Offset, mkono utashika kishikio, halafu Aim Offset itakuja kuubandua.

#9 Ndosho_Pixel
Kwa wale wa Unity, sharti hilo la mwisho ni lile lile. Mimi niko Goma, natumia Animation Rigging. Ndani ya Rig Builder layer zinahesabiwa kutoka juu kwenda chini. Multi-Aim ya uti inakaa kwenye layer ya juu, Two Bone IK ya mkono wa kushoto kwenye layer ya chini yake. Nilimkuta kijana mmoja amezipindua, akawa anarekebisha soketi kwa milimita kila siku na haipatani. Alipobadilisha mpangilio ikapatana bila kugusa soketi.

#10 Birere_Dev
Nakubali kuhusu kukimbia, @Yaya_Kasapa. Lakini kwa nini kuhesabu `TransformToBoneSpace` kila fremu ikiwa kipimo hakibadiliki? Mimi ningehesabu mara moja wakati wa kuchukua bunduki, nikakihifadhi.

#11 Yaya_Kasapa
Inawezekana, na ni nafuu zaidi. Tahadhari ni kwamba ukihesabu kabla bunduki haijafungwa mkononi, utahifadhi kipimo cha bunduki iliyolala chini, na mkono utanyooka kuelekea majani. Pia kuna bunduki ambazo kishikio cha mbele chenyewe kinatembea, zile za kuvuta kabla ya kupiga. Hizo lazima uhesabu kila fremu.

#12 Nsimire3D
Naomba kupinga kidogo. Mimi ni mwanauhuishaji, na njia hii ya kumtegemea mkono wa kulia naiona inafaa nusu tu. Mifupa ya Mannequin ya Unreal ina `ik_hand_gun`, na chini yake zimo `ik_hand_l` na `ik_hand_r`. Haikuwekwa bure. Pale bunduki ndiyo bwana, na mikono yote miwili inaifuata.

Angalia mtu aliyeshika bunduki ndefu kweli kweli. Kitako kimekaa begani. Bega ndilo linaloshikilia, mikono inaelekeza tu. Ukimfanya mkono wa kulia awe bwana, kila mtetemo wa kifundo cha kulia unageuka kuwa mtetemo wa bunduki nzima, na kitako kinatoka begani. Mimi naweka bunduki kwanza kwa kuifuata bega, halafu IK mbili, kulia na kushoto. Teke la bunduki nalo linakuwa rahisi: unasukuma mfupa mmoja nyuma na mikono yote inafuata.

#13 Mvuvi_wa_Kivu
Dada Nsimire ananikumbusha kesi yangu. Nina mchezo wa mitumbwi ya ziwani, na tatizo langu ni kasia. Mikono miwili, kitu kimoja kigumu. Mwanzo nilifunga kasia kwenye mkono wa kulia, kushoto ikafuata kwa IK. Anapobadilisha upande wa kupiga maji, mkono wa juu unakuwa wa chini, na mfuasi anatakiwa awe bwana. Ilinishinda hivyo. Nilipoiachia kasia njia yake yenyewe na mikono yote kuifuata, ikakaa. Lakini kwa bunduki sijui, maana bunduki haibadilishi bega.

#14 Katuba_Gamer
Mvuvi unaleta kasia kwenye uzi wa bunduki, basi mimi na jiroskopu yangu siko mbali sana 😄

#15 Yaya_Kasapa
@Nsimire3D sikupingi kuhusu kitako. Ila IK mbili zina gharama yake: mkono wa kulia nao unaweza kushindwa kufika, na kidole cha kufyatulia kikitoka mahali pake kinaonekana vibaya kuliko kiganja cha kushoto. Kwa mtu mmoja anayejenga mchezo wake, mkono wa kulia ukiwa bwana ni nusu ya kazi. Tubaki na tofauti hiyo.

@MtuWaKadutu tuje kwenye pengo la pili. Nipe vipimo vitatu: urefu wa `upperarm_l` mpaka `lowerarm_l` ukijumlisha na `lowerarm_l` mpaka `hand_l`, umbali kutoka `upperarm_l` mpaka soketi akilenga mbele, na umbali huo huo akilenga chini kabisa. Na uniambie digrii za kuinama umezigawaje.

#16 MtuWaKadutu
Nimechapisha kwa Print String. Mkono wote una sentimita 53. Akilenga mbele, bega mpaka soketi ni karibu 52. Akilenga chini kabisa, digrii 50, ni 55.4.

Digrii nimegawa hivi: 20 kwenye mifupa ya uti, na 30 zilizobaki nimezigeuza kwenye `hand_r`, maana sikutaka daktari ainame sana.

#17 Yaya_Kasapa
Hapo ndipo ilipo. Mkono una 53, kishikio kiko 55.4. Hakuna IK duniani itakayofika. Inanyoosha kiwiko mpaka mwisho na bado zinabaki sentimita 2.4. Ishara yake ni hiyo: kiwiko kimenyooka kabisa na kiganja kimesimama kabla ya bunduki. Kiwiko kikiwa kimekunjika na kiganja hakigusi, basi sababu siyo urefu, tafuta kwenye soketi au kwenye Alpha.

Kwa nini umbali umekua? Digrii zikiingia kwenye uti, mabega yote mawili na bunduki vinainama pamoja. Umbali wa bega la kushoto mpaka kishikio haubadiliki, unabaki 52. Lakini digrii 30 ulizozitia kwenye `hand_r` zinazungusha bunduki peke yake kwenye kifundo cha kulia. Mdomo unashuka, kishikio cha mbele kinashuka kama sentimita 20 chini zaidi, na bega limebaki juu. Wakati huo huo kitako kinapanda na kutoka begani, kama alivyosema Nsimire. Mwangalie daktari wako kwa upande, utaliona.

Hamisha digrii zote 50 kwenye uti, uzigawe kati ya `spine_01`, `spine_02` na `spine_03`. Pengo litaondoka.

#18 Nsimire3D
Litaondoka, na daktari atafanana na mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Digrii 50 za uti peke yake ni nyingi mno. Mtu aliyesimama kwenye mteremko akilenga chini anakunja nyonga, anarudisha mguu mmoja, na mtulinga wa kushoto unasogea mbele. Mtulinga huo ndio watu wanausahau. Ukiusogeza mbele `clavicle_l` kidogo kadiri anavyolenga chini, unampa bega la kushoto sentimita kadhaa bila kunyoosha kiwiko. FABRIK yake inaanzia `upperarm_l`, kwa hiyo mtulinga haupati msaada wowote mpaka uusogeze mwenyewe.

#19 Ndosho_Pixel
Au asogeze soketi nyuma sentimita 3 tu. Kishikio cha bunduki ya sindano ni kirefu, nani atajua kiganja kiko wapi hasa?

#20 Nsimire3D
Mchezaji hatajua. Lakini huyo daktari ana mwenzake, siyo? Ukisogeza soketi kwa ajili ya mwenye mikono mifupi, mwenye mikono mirefu kiwiko chake kitakunjika sana na kutoka nje. Soketi moja kwa bunduki moja ni sawa. Soketi moja kwa miili miwili ni bahati nasibu.

#21 MtuWaKadutu
Kweli, yuko mlinzi wa mbuga, mrefu zaidi, na kwake pengo la pili halipo kabisa. Nilikuwa sielewi kwa nini.

Majibu ya jaribio: Bone Space imemaliza kuchelewa. Hata kwa `t.MaxFPS 20`, hata kwenye betri, kiganja hakibanduki. Kwa pengo la pili nimejaribu katikati: digrii 40 kwenye uti, 10 kwenye `hand_r`. Umbali umekuwa 53.2, kwa hiyo zimebaki milimita 2 na jicho halizioni. Kitako kimerudi begani. Ila Nsimire ana haki, ameinama sana, na kiwiko kimenyooka kama fimbo. Mtulinga nitaujaribu kesho.

#22 Birere_Dev
Two Bone IK ina chaguo la Allow Stretching. Milimita 2 hizo itazimeza. Na kiwiko utakielekeza kwa Joint Target, FABRIK haikupi hiyo.

#23 Yaya_Kasapa
Kwa milimita 2, sawa. Kwa sentimita 2.4, mkono utarefuka na nguo itavutika kwenye kiwiko, watu wataona. Kuhusu Joint Target nakuunga mkono: mkono ukikaribia kunyooka kabisa, kiwiko hakina upande kinaoupendelea, na kikishtuka kidogo kinaruka kutoka chini kwenda juu. Mweke Joint Target chini na kidogo nje, kwenye nafasi ya `spine_03`, siyo ya ulimwengu.

#24 Mvuvi_wa_Kivu
Swali la pembeni. Anapoweka sindano mpya, mkono wa kushoto hauondoki? IK yake itaung'ang'aniza kwenye kishikio.

#25 MtuWaKadutu
Ndivyo inavyofanya! Mkono unapaswa kwenda mfukoni, lakini unabaki umegandishwa na mwili unajisokota.

#26 Nsimire3D
Weka kavu, yaani curve ya namba inayobadilika na muda, ndani ya uhuishaji wa kupakia, uipe jina `IK_Kushoto`, na uiunganishe na Alpha ya nodi. Iwe 1, ishuke mpaka 0 ndani ya sekunde 0.2 mkono unapoondoka, irudi 1 kiganja kikiwa tayari kimegusa kishikio kwenye uhuishaji wenyewe. Ukiirudisha mapema, mkono unavutwa na kuruka hewani. Na animesheni zako zote nyingine ziwe na kavu hiyo kwa 1, la sivyo Alpha inasoma 0 na mkono hautashika kitu kabisa.

#27 Birere_Dev
Au geuza jina, kavu iwe ya *kuzima*. Isipokuwepo ni 0, maana yake IK inafanya kazi. Alpha inakuwa 1 kutoa kavu. Huhitaji kugusa animesheni nyingine.

#28 Nsimire3D
Hiyo ni nzuri kuliko yangu.

#29 Ndosho_Pixel
Bado nasubiri mtu anijibu kuhusu teke la bunduki. Kwa mkono wa kulia kuwa bwana, teke unaliweka kwenye `hand_r` kabla ya IK ya kushoto. Sasa mkono wa kulia unarudi nyuma sentimita 4, lakini bega halijasogea, kitako kinaingia ndani ya kifua. Yaya, hapo unafanyaje?

#30 Yaya_Kasapa
Naligawa. Sehemu ndogo kwenye `hand_r`, sehemu kubwa kwenye `clavicle_r` na `spine_03`, ili bega lirudi pamoja na kitako. Haiko kamili. Kwa bunduki ya sindano, inayosukumwa na gesi, teke lenyewe ni dogo na hakuna atakayelalamika. Kwa bunduki nzito ningemfuata Nsimire.

#31 MtuWaKadutu
Asanteni sana wote. Mtulinga nimeujaribu: `clavicle_l` mbele digrii 8 akilenga chini kabisa, uti nimeurudisha 35. Kiwiko kimekunjika kidogo tena. Lakini akipiga goti pengo limerudi, na pale uti nimeuzuia usiiname zaidi ya 25. Nitapima nilete namba.

#32 Nsimire3D
Akipiga goti, mguu wa mbele uwe wa kushoto. Kiwiko cha kushoto kitapumzika juu ya goti, na hapo utahitaji kuamua kama kiwiko ndicho kinachofuata goti au goti ndilo linalofuata kiwiko. Fungua uzi mwingine kwa hilo, tutakuja.